Nilivyopata maneno ya picha ya kutimiza miaka 30

Binamu zangu walikuwa wameshanoa utani wa uzee kwenye grupu la familia, nikaamua kujitania kabla yao. "Nimezeeka" tupu haichekeshi, tena inamkera shangazi mwenye 60. Kinachochekesha ni tabia moja ndogo ambayo kila mtu ameshaiona kwako. Chini ya picha nikaandika: "30. Nikialikwa sherehe siku hizi, swali la kwanza: viti vipo?"

Binamu mmoja akadakia, "Shikamoo babu!" Ukijitetea hapo umekwisha. Nikaitikia, "Marahaba mjukuu wangu, nitumie hela ya dawa ya mgongo." Wakaacha kunicheka mimi, wakaanza kumdai yeye hiyo hela. Utani wa ndoa sikuugusa. Huo ungeitisha kikao cha wazee.