Ruhusa ya kukaanga

Barua yangu ya kwanza ilirudi. Sisemi lilikuja jibu, ilirudi yenyewe, karatasi ileile niliyompa konda wa basi la Newala, ila sasa pembeni ina wino mwekundu kama karatasi ya mtihani. Mwenye nyumba wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Neno "korosho" alilipigia mistari miwili, kisha akaandika: "Zipi? Za nani? Maganda utatupa wapi?"

Ilikuwa Januari 2019. Nilikuwa nimepanga chumba na sebule Chikongola, Mtwara mjini, nyumba moja na wapangaji wengine wawili. Mkataba ulisema nyumba ni ya makazi tu, na nilishalipa kodi ya miezi sita, ndiyo maana sikutaka kuanza kimyakimya halafu nifukuzwe katikati. Nikaandika kama tulivyofundishwa shule, anwani juu kulia, "Yah:", "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha ombi lenyewe sentensi moja: naomba kufanya biashara ndogo ya korosho hapo nyumbani. Heshima tele, habari hamna.

Jirani yangu wa chumba cha pili aliisoma akacheka mpaka akakaa chini. "Dada, unamwandikia mtu wa Newala neno korosho mwaka huu?"

Hapo ndipo akili ilinirudi. Novemba 2018 Serikali ilikuwa imetangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Kabla ya malipo mkulima alihakikiwa kwanza: je, ana shamba la kutoa kilo alizopeleka, au ni kangomba, aliyenunua za wenzake kwa bei ya chini nje ya ushirika? Mwalimu naye alikuwa anasubiri hela yake. Magunia ya korosho ghafi yakikutwa kwenye nyumba yake mjini, nani atamsikiliza akisema ni za mpangaji?

Kulikuwa pia na suala la moshi. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi. Ukilichoma wakati wa kubangua linawaka na kutoa moshi mchungu unaowasha macho. Shangazi yangu Tandahimba alikuwa anabangua kwa mkono, anajipaka majivu kabla ya kugonga, na bado vidole vyake vilikuwa vyeusi mwaka mzima. Uani kwetu kulikuwa na kamba za nguo za familia tatu.

Mimi sikuwa na mpango wa kubangua hata moja! Nilitaka kununua zilizokwisha kubanguliwa na kumenywa, nizikaange, nifunge, niuze stendi. Lakini barua haikusema hivyo, na mwenye nyumba aliye mbali anaisoma barua peke yake, haoni kilicho kichwani mwako.

Ya pili niliandika kama mtu anayeeleza kazi. Nikasema nitanunua kilo tano kwa wiki kwa kina mama wanaobangua, na kila mara nitachukua risiti na kuitunza. Nitaziloweka kidogo kwenye maji ya chumvi, nizichuje, zikauke, kisha nizikaange kwenye sufuria juu ya moto mdogo wa makaa, nikigeuza bila kuacha. (Korosho huendelea kuiva hata ikiepuliwa, kwa hiyo inatoka jikoni ikiwa bado nyeupe kidogo. Hili niliona halimhusu, sikuliandika.) Umeme sitaugusa, maana LUKU ilikuwa moja na tulichanga sawa kwa sawa. Pakiti nitazifunga kwa moto wa mshumaa. Wateja hawataingia uani, kibao sitaweka, na kodi nikaomba ibaki ileile mpaka mkataba uishe. Mwisho nikawaomba wale wapangaji wawili watie saini kwamba wameisoma.

Wiki iliyofuata ilirudi. Nyekundu ilikuwa sehemu moja tu, chini kabisa: "Ruhusa hii ni ya kukaanga. Si ya kubangua, wala ya kuweka mzigo wa mtu." Saini, tarehe.

Yale maneno ya mwisho niliyaona ya ziada, mpaka usiku mmoja binamu yake jirani alipokuja na gunia akiomba "lilale tu mpaka asubuhi". Nilimsomea barua mlangoni kwa tochi ya simu. Akaondoka na gunia lake, akininunia.

Machi Mwalimu alikuja mwenyewe. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu," akajibu huku ameshanipita, moja kwa moja uani. Alizunguka jiko langu, akakwaruza udongo kwa ncha ya bakora, akainama, akafukua tena kwenye jalala la majivu. Hakupata ganda hata moja.

Ndipo akavuta kigoda, akakaa.

"Haya," akasema, "nionjeshe."