Siku moja ya fundi cherehani Mtwara: harusi ni Jumamosi, nguo inatakiwa lini?

Saa 12 na nusu asubuhi nafungua kibanda changu karibu na soko kuu, Mtwara mjini. Nafagia vipande vya jana, natia mafuta cherehani, nawasha mkaa wa pasi. Kufika saa 3 nimeshapunguza suruali mbili, nimebadili zipu ya sketi ya shule, na kijana ninayemfundisha amekwenda kufuata chai na mihogo. Kazi hizo zinalipa kodi ya kibanda, sina la kuzieleza zaidi.

Mafundi tunasemwa kwamba tuna ugonjwa wa "njoo kesho". Wapo wenye ugonjwa huo, sikatai. Lakini kaa hapa kwenye benchi uone jinsi tarehe inavyopatikana.

Saa 3 na nusu simu inaita. Ni mama mmoja wa Tandahimba, nilimshonea nguo ya Idi. Shikamoo mama, marahaba baba, habari za korosho, korosho zimeingia mnadani ila hela bado. Kisha shida yenyewe: bibi harusi ni mtoto wa kaka yake, harusi Lindi, Jumamosi tarehe 13 Desemba, anataka gauni refu la lesi juu ya satini. Leo ni Jumanne tarehe 25 Novemba. Namwambia inawezekana, nitamwandikia ujumbe wenye siku zote. Anajibu, "Siku zote za nini baba? We shona tu, vipimo vyangu si unavyo?"

Ninavyo, kwenye daftari, vya mfungo wa Ramadhani. Mwili haukai daftarini.

Kila nguo ya shughuli naihesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Shughuli Jumamosi, basi achukue Alhamisi. Ijumaa simpangii mtu kuchukua, maana siku hiyo kila aliyechelewa yupo mlangoni na umeme ukikatika overloki ya kumalizia kingo inalala. Ajaribu mara ya mwisho Jumatatu, nguo ikiwa imebaki pindo tu. Ajaribu mara ya kwanza Jumatano ya wiki inayotangulia, nguo ikiwa imepigwa bandi, yaani imeshikwa kwa mishono mikubwa ya mkono. Kabla ya hapo nipate siku za kukata, na kabla ya kukata kitambaa kilale kwenye maji.

Saa 4 na kitu namwandikia:

"Shikamoo mama. Gauni la harusi ya Lindi. Ijumaa tarehe 28/11 saa 4 asubuhi: kuleta vitambaa na kupimwa. Jumatano tarehe 3/12 saa 4 asubuhi: kujaribu mara ya kwanza. Jumatatu tarehe 8/12: kujaribu mara ya pili. Alhamisi tarehe 11/12: kuchukua. Siku ya kujaribu uje na viatu na sidiria utakayovaa harusini."

Naandika siku pamoja na tarehe makusudi. Ukimwambia mtu "Jumatano ijayo", mmoja atakuja kesho na mwingine wiki ya pili, na wote wawili watakulaumu.

Anapiga mara moja, hata sijaweka simu chini. Safari nne! Nauli nne! Na barabara ya huko mvua ikinyesha hakuna anayeweza kuapia saa ya kufika. Hapo ana haki. Anapendekeza vitambaa avitume kwa dereva, vipimo avitume kwa wasapu, yeye aje kuchukua tu. Na wateja wawili wako mbele yangu, mmoja ameshika kanzu, mwingine ananitolea macho. Namwomba mama nimpigie baada ya muda. Hakati. Anaeleza kuhusu mawifi zake, kuhusu sanduku la bibi harusi, kuhusu nani atalala wapi. Namsikiliza kwa sikio moja huku nikipima mabega ya mwenye kanzu, mpaka anasema, "Maana sisi Jumatano alfajiri tunaondoka, Alhamisi kuna singo ya bibi harusi."

Nikaacha futi kamba.

Jumatano gani? Tarehe 10. Na kwenye singo utavaa nini? Hilo hilo gauni, si ndilo jipya!

Kwa hiyo harusi ni tarehe 13, lakini nguo inatakiwa tarehe 9. Mteja hutaja siku ya kadi, fundi anahitaji siku ya kuvaa mara ya kwanza na saa ya kupanda gari. Hesabu yangu yote ya asubuhi ikafutika.

Basi tukaanza upya, mwenye kanzu akisubiri. Cha kuunganisha kipo: jaribio la pili na kuchukua viwe siku moja. Akifika Jumatatu saa 3 asubuhi akalivaa, ninakata pindo kwa urefu wa kiatu chake, naweka kishikizo cha juu ya zipu, napiga pasi, saa 9 alasiri anaondoka nalo. Jumanne inabaki akiba kama gari limeharibika njiani. Safari zinakuwa tatu.

Akataka ziwe mbili, jaribio la kwanza lifutwe. Hapo nilikataa, na nilimweleza pole pole. Siku ile gauni linakuwa limeshikwa kwa bandi tu, mishono inayofumuka kwa kuvuta uzi. Pembeni nimeacha inchi moja na robo kila upande, mgongo umefungwa kwa pini, mkono umewekwa mmoja tu. Naangalia mshono wa bega umekaa juu ya mfupa au umeteleza, na mistari inayojivuta kifuani kuelekea kwapani, maana hiyo ni dalili kwamba kifua kimebana. Nafumua, nalegeza, basi. Nikishapunguza ziada na kupitisha overloki, lesi haina pa kutokea. Na satini ukiifumua, matundu ya sindano yanabaki kama mstari, pasi haiyafuti. Vitambaa navyo sivikati siku vinapofika. Bitana yenye pamba ikifuliwa inaruka na kuwa fupi, lesi hairuki, na mwisho lesi inafanya mawimbi nyonga nzima. Kwa hiyo navilowesha vyote, kila kimoja kwenye beseni lake, vikauke kivulini.

"Haya baba, mkubwa umeshinda." Kumbe hela ndiyo ilikuwa inamsumbua. Tukakubaliana atangulize ya bitana na zipu, ushonaji alipe siku ya kuchukua, mnada ukiwa umeshalipa.

Mchana sikumbuki vizuri. Wali na samaki nilikula nimesimama. Umeme ulikatika, nikahamia cherehani ya mguu, kiuno kikaanza habari zake. Mwenye kanzu alirudi kuuliza, akaondoka, akarudi tena.

Jioni, kijana akikunja vitambaa, ndipo nilipoandika ujumbe wa pili:

"Mama, ule wa asubuhi ufute. Ijumaa 28/11 saa 4 asubuhi: uje na lesi yadi 5, satini, na hela ya bitana na zipu, nikupime. Jumatano 3/12 saa 4 asubuhi: kujaribu, na viatu na sidiria. Jumatatu 8/12 saa 3 asubuhi: kujaribu na kuchukua, utaondoka saa 9 alasiri. Ukikosa ya 3/12 nipigie siku hiyo hiyo, uje 4/12. Zaidi ya hapo sitaweza. Nijibu 'sawa' ili niandike kwenye daftari."

Saa 2 usiku, nimeshafunga, jibu likaingia: "Sawa baba. Na mdogo wangu naye ana kitenge, nije nacho Ijumaa?"

Nikamuuliza anasafiri lini.