Kumbukumbu ya mradi: bajeti za wasanii wapya, na vipeo vilivyogoma kupungua

Hatimaye mwongozo wa wasanii wapya wa mchezo wetu wa mbio za bajaji umekamilika, na modeli ya bajaji iliyotusumbua kwa muda mrefu imeingia ndani ya bajeti ya vipeo, yaani nukta ambamo pembetatu za modeli hukutana, bila kupoteza umbo lake. Naandika hapa kilichokuwa kinatukwamisha, kwa kuwa ndicho kilichobadilisha mwongozo wenyewe.

Mwongozo wa awali ulikuwa umetaja idadi ya pembetatu peke yake: bajaji ya mchezaji isizidi pembetatu 4,000. Msanii alileta modeli yenye pembetatu 3,900, akiwa ametimiza alichoambiwa kwa uaminifu kabisa. Blender, programu tunayoundia modeli, ilionyesha vipeo vinavyokaribia 2,000. Modeli ileile ilipoingizwa katika Unity, injini ya mchezo wetu, dirisha la ukaguzi lilionyesha vipeo 7,400, na bajaji kadhaa zilipokutana barabarani kwa wakati mmoja, simu za bei nafuu tunazojaribia zilianza kukwama. Tulipunguza pembetatu za matairi, kisha za usukani, kisha za viti, na kila mara idadi ya vipeo ilishuka kidogo mno kulinganisha na umbo lililoharibika.

Sababu inaonekana vizuri katika mchemraba wa kawaida. Una pembe 8 na pembetatu 12, lakini injini huuhesabu kuwa na vipeo 24. Kila pembe hukutanisha nyuso tatu zinazotazama pande tatu tofauti, na kipeo kimoja hakiwezi kubeba zaidi ya mwelekeo mmoja, kwa hiyo injini hukigawa kiwe vitatu. Mgawanyo huohuo hutokea kwenye mishono ya UV, yaani pale ramani ya kuvika umbo picha ya tekscha inapokatwa, kwa sababu kipeo hakiwezi kusoma sehemu mbili za tekscha kwa pamoja. Huweza kutokea pia pale ambapo materiali mbili zinapakana. Takwimu za Blender huhesabu pembe za umbo kabla ya mgawanyo huo. Napenda Blender na sina mpango wa kuiacha, ila kwa bajeti ya simu namba yake ya vipeo haifai kuwa kipimo, na nimeandika hivyo katika ukurasa wa kwanza wa mwongozo.

Bajaji yetu ilikuwa na kingo kali karibu kila mahali, hata kwenye mabomba ya fremu na mikunjo ya turubai, ambako ulaini ungetosha. Isitoshe, mishono ya UV ilikuwa imepitishwa katikati ya nyuso tambarare, mbali na kingo hizo. Hivyo kila ukingo mkali uligawa vipeo vyake, na kila mshono ukagawa vingine sehemu nyingine, yaani tulilipa mara mbili kwa kazi ambayo ingelipiwa mara moja. Dawa ilikuwa kupitisha mshono juu ya ukingo mkali, kwa kuwa vipeo vya hapo vimeshagawanyika na mshono hauongezi kitu, kisha kulainisha kingo zote zisizo na sababu ya kuwa kali. Materiali tatu za mwili zikaunganishwa kuwa moja, na kioo pekee kikabaki na yake. Injini sasa inahesabu vipeo 2,900, na pembetatu ni zilezile 3,900. Hatukuondoa hata moja.

Kwa hiyo bajeti sasa inatajwa kwa vipeo kama injini inavyovihesabu, huku pembetatu zikiwa mpaka wa pili. Modeli huwa na ngazi za LOD, kila moja ikiwa na undani mdogo zaidi kwa umbali mkubwa zaidi: bajaji ya mchezaji ina vipeo 3,000 katika LOD0, 1,500 katika LOD1 na 500 katika LOD2. Msanii akiona vipeo vya injini vimezidi hesabu ya pembetatu zake, asianze kufuta umbo. Akague kwanza kingo na mishono. Uso uliowekwa kingo kali zote huipa kila pembetatu vipeo vyake vitatu ukiwa umepinda kila mahali, na hapo bajeti haiwezi kutosha hata kwa modeli ndogo.

Kuhusu tekscha, jambo linalowapoteza wengi ni ukubwa wa faili kwenye diski. Picha ya PNG yenye pikseli 2048 kwa 2048 inaweza kuwa faili dogo, lakini ikiingia katika kumbukumbu ya simu bila kubanwa huchukua megabaiti 16, na zaidi ya 21 ikiwa na mipmapu zake, yaani nakala zake ndogo za kuonyeshwa kwa mbali. Sisi tunatumia ASTC, mfumo wa kubana tekscha ambao huhifadhi kila kipande cha picha kwa biti 128 bila kujali upana wa kipande hicho. Tekscha ya 1024 katika vipande vya 6x6 huchukua takriban kilobaiti 457, na katika vipande vya 4x4 huchukua megabaiti 1 kamili. Rangi za bajaji zinakwenda kwa 6x6. Ramani ya mwelekeo wa uso inakwenda kwa 4x4, kwa sababu ikibanwa zaidi ya hapo mwanga juu ya bati huonyesha viraka. Maandishi ya nyuma ya bajaji, ambayo wachezaji husoma wanapofukuzana, nayo yamewekwa katika tekscha yake ndogo ya 4x4, kwani kwenye 6x6 kingo za herufi zilichafuka.

Nilipanga kufuatisha hapo sehemu ya mifupa na uhuishaji, lakini nilipofika kwenye majina ya mafaili nilipata wazo lililoniteka kabisa. Tulikuwa tayari tunadai majina kama `SM_Bajaji_A_LOD0` na `T_Bajaji_A_N`, na Unity yenyewe huunda kundi la LOD inapokuta viambishi `_LOD0`, `_LOD1` na kuendelea. Ikiwa jina linatosha kuiambia injini ngazi ya modeli, linatosha pia kuiambia skripti bajeti ya modeli hiyo. Nikaandika ukaguzi unaofanyika kila modeli inapoingizwa, ndani ya darasa linalorithi `AssetPostprocessor`:

```
void OnPostprocessModel(GameObject g) {
    foreach (var f in g.GetComponentsInChildren<MeshFilter>()) {
        int n = f.sharedMesh.vertexCount;
        if (f.name.EndsWith("_LOD0") && n > 3000)
            Debug.LogError(f.name + ": vipeo " + n);
    }
}
```

Skripti inasoma hesabu ya injini, baada ya mgawanyo wote, kwa hiyo msanii aliyezidisha bajeti huona namba sahihi papo hapo, kabla ya kazi yake kufika kwangu. Kanuni ya majina imepata uzito ambao maelezo marefu hayakuwahi kuupa: msanii akiandika `_lod0` kwa herufi ndogo, ukaguzi humpita kimya, na ndiyo maana mwongozo unasisitiza herufi kubwa. Kwa tekscha nimefanya vivyo hivyo. Kiambishi `_N` huiweka picha moja kwa moja katika aina ya `NormalMap`, na hatupati tena bajaji zenye mwanga uliopinda kwa sababu ramani ilisomwa kama rangi.

Ukaguzi huu bado hauwaoni madereva na abiria, kwa kuwa modeli zenye mifupa hutumia `SkinnedMeshRenderer` na si `MeshFilter`. Hadi nitakapouongezea sehemu hiyo, msanii wa wahusika afungue modeli yake katika dirisha la ukaguzi na kuandika idadi ya vipeo katika ujumbe wa kukabidhi kazi.