Duka la Ngamiani: karibu nusu ya mali ilikuwa na mwenyewe

Nimerudi Tanga baada ya miaka 14 Maskati. Kwa waliokulia Ngamiani sina haja ya kueleza duka la pembeni lilivyokuwa: mzee na kalamu sikioni, sukari ya robo kwenye gazeti, mafuta ya taa kwa koroboi, na daftari la madeni lililokuwa likimjua kila mtu mtaani. Duka la mzee wa aina hiyo ndilo nililotaka kununua. Yeye ametangulia mbele ya haki, linaendeshwa na mwanawe, ambaye tulicheza chandimu pamoja.

Alitaka milioni 30. Mali milioni 14, kilemba milioni 16. Nilipomwambia nahitaji kuhesabu, akanitazama kama nimemtukana. "Wewe ni wa nyumbani, kaka. Tuhesabiane nini?" Neno hilo liliniuma, kwa sababu huko Maskati usiku wa baridi nilikuwa nikilikumbuka duka hili kama mahali ambapo watu hawahesabiani. Nusura nitoe fedha palepale.

Bahati nzuri sikutoa. Tulihesabu usiku wa Ijumaa, baada ya kufunga, mimi na yeye na kijana wa duka. Jambo la kwanza: orodha yake ya milioni 14 ilikuwa kwa bei ya kuuzia. Hilo ni kosa la wengi. Ukinunua mali kwa bei ya rejareja, umeshamlipa mwenzako faida ya kazi ambayo utaifanya wewe. Kwa bei ya jumla ya wiki ile, mali ileile ilikuwa kama milioni 12.2.

Halafu nikapanda stuli. Shelfu za juu zilikuwa na maboksi ya sabuni yamepangwa vizuri, nikavuta moja na nusura nianguke, maana lilikuwa tupu. Lililofuata pia. Nyuma ya safu ya mbele ya makopo ya maziwa kulikuwa na kreti zimegeuzwa kuinua mstari, na makopo matatu tarehe zake zimefutwa kwa kitambaa chenye spiriti, unaona kabisa wino umevuja. Tambi zimetafunwa na panya kwa chini, pembe tu. Basi ndiyo nasema, usihesabu kwa kutazama. Shika kila boksi, geuza kila kopo, na mali ambayo haijatoka miezi sita itenge hata kama haijaharibika, kwa sababu isiyouzika jana haitauzika kesho. Tulitenga ya milioni 1.9. Ikabaki 10.3.

Lakini hayo yote si kitu. Kilichonivunja ni kesho yake.

Nilikwenda kwa muuzaji wa jumla kuhakikisha bei. Nilipotaja duka, akainuka, akatoa kaunta buku, akaifungua ukurasa uliokunjwa. Jina la rafiki yangu juu, chini yake tarehe na bidhaa: unga, mchele, mafuta ya kula, sabuni. Zote mali kauli, amechukua atalipa akiuza. Jumla milioni 4.3. "Unanunua duka?" aliniuliza. "Basi unanunua na mali yangu, baba."

Mafuta yale niliyoyahesabu usiku, niliyoyashika kwa mikono yangu, hayakuwa yake kuyauza. Ningelipa milioni 14, angeondoka nazo, na wiki ijayo mzee wa jumla angesimama mlangoni kwangu. Labda kisheria deni lingebaki kwa aliyekopa. Lakini ukikosana na muuzaji wa jumla mtaani kwako, utachukua wapi mali? Ndiyo maana nawaambia: kabla ya kutoa shilingi, pata majina ya wote wanaomletea bidhaa, nenda kwa kila mmoja ukiwa na mwenye duka, muulize anadai kiasi gani, mwandike na atie saini. Marehemu baba yake alikopesha watu, yeye amekopa kwa watu. Sikuwa nimejiandaa kuona hilo.

Hata jokofu la soda lilikuwa la kampuni, kuna kibandiko nyuma chenye namba. Alikuwa ameliweka kwenye bei.

Kilemba sasa. Watu hutaja kilemba kama bei ya mahali, lakini unachonunua ni faida ijayo, kwa hiyo pima faida. Alisema anauza 400,000 kwa siku, yaani milioni 12 kwa mwezi. Nikakusanya risiti zake za manunuzi za miezi mitatu: alikuwa akinunua ya kama milioni 7.6 kwa mwezi, na mali dukani haikuwa ikipungua. Kwa faida ghafi ya asilimia 13 ya mauzo, kama ile tofauti ya milioni 14 na 12.2, manunuzi hayo ni mauzo ya milioni 8.7. Nilikaa naye kaunta siku 14 nikiandika, wastani ukatoka 290,000 kwa siku, yaani milioni 8.7 kwa mwezi. Namba mbili zikakutana, nikaziamini.

Faida ghafi basi ni kama 1,130,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba, niliyemfuata peke yangu, aliniambia mkataba umebaki miezi saba na kodi itapanda kutoka 150,000 hadi 220,000. Nikatumia kodi mpya. Ongeza umeme 70,000, kijana 150,000, taka na leseni na kodi ya mapato 60,000, vinavyoharibika 30,000. Zinabaki 600,000. Humo toa mshahara wako mwenyewe. Mtu wa kukaa kaunta kuanzia alfajiri hadi saa nne usiku nilimpa 300,000, maana nisipokaa mimi nitamlipa mwingine. Faida ya duka lenyewe ni 300,000 kwa mwezi, milioni 3.6 kwa mwaka. Komisheni ya uwakala wa fedha sikuihesabu, laini zimesajiliwa kwa jina lake na zinaondoka naye.

Je, kilemba kiwe faida ya miaka mingapi? Kwa duka lenye mkataba mrefu na wateja wasiomfuata mwenye duka, ningefika miaka miwili. Hapa mkataba ni miezi saba na wateja wanaingia wakimwita jina. Nikatoa mwaka mmoja na nusu: milioni 5.4. Shelfu na mizani zimo humo, kwa sababu ndivyo vinavyozaa faida hiyo, wala usivilipe mara ya pili. Jumla, pamoja na ile mali ya milioni 10.3, milioni 15.7.

Alikasirika. Akasema Uarabuni umenifanya bahili. Mama yake, aliyenilisha utotoni, hakunipa hata chai siku ile, na sijaisahau. Baada ya wiki tatu rafiki yangu akarudi, hakupata mnunuzi mwingine.

Tuliandikishana kwa wakili. Mkataba mpya wa pango niliuingia kwanza kwa mwenye nyumba, miaka mitatu. Milioni 4.3 nilimlipa mwenye kaunta buku moja kwa moja, mbele ya rafiki yangu, ukurasa ukapigwa mstari. Katika milioni 11.4 zilizobaki nilimpa 9.9, na 1.5 nikashikilia kwa siku 90 kwa madeni yatakayojitokeza. Leseni na TIN nimechukua zangu.

Siku ya kumi na nane kijana wa duka alinijia, akiwa ameshika ufagio, akaniambia hajalipwa miezi mitatu. Aliogopa kusema siku tulipohesabu. Nimempa 450,000 kutoka fedha ile, akasaini. Leo zimebaki siku 41, na shilingi 1,050,000.