Kumbukumbu ya mradi wangu: kuwa mlishaji kwenye sepak takraw

Machi

Kundi la jioni hapa mtaani kwetu Kuala Lumpur limenipokea. Tunacheza sepak takraw, mchezo unaofanana na voliboli ya kupigwa kwa miguu, kwenye uwanja wa saruji uliochorwa mistari ya badminton, na hilo halina tatizo lolote, kwa sababu vipimo ni vilevile: urefu mita 13.4, upana mita 6.1. Hata wavu wa wanaume unasimama mita 1.52 katikati, karibu na kidevu cha mtu wa kimo cha kawaida. Juu ya wavu huo mpira lazima upite kwa mguu, goti, kifua, kichwa au bega. Mkono, kuanzia begani kwenda chini, hauruhusiwi kugusa mpira.

Kila upande una watu watatu, na timu hiyo huitwa regu. Nyuma anakaa tekong, ambaye ndiye anayepiga servisi. Mbele wako wawili, wa kushoto na wa kulia. Kwa kawaida mmoja wao ni mpigaji, yule anayeruka na kuushindilia mpira chini kwa mguu, na mwingine ni mlishaji, anayemwinulia. Mimi nataka kuwa mlishaji. Watazamaji humshangilia mpigaji anapopinduka hewani, lakini nikikaa pembeni na kutazama naona kwamba pointi nyingi zimeshaamuliwa kabla hajaruka. Mpira ukimfikia chini, au ukianguka mbali na wavu, hata mpigaji hodari anabaki kuusukuma tu upande wa pili.

Aprili

Mwezi wote umekwenda kwenye pigo moja, lile ambalo Wamalay huliita sepak sila. Linapigwa kwa ubapa wa ndani wa mguu, huku goti limefunguka nje na unyayo umeinuka mpaka karibu na usawa wa goti la mguu uliosimama. Mguu unakuwa bapa kama sinia, na mpira unaangukia juu yake.

Sisi tuliokulia kwenye danadana za soka tumezoea kupiga kwa mgongo wa mguu, pale kwenye kamba za kiatu. Mpira wa soka una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, kwa hiyo unavumilia. Huu wa takraw una sentimita 41 hadi 43 tu na uzito wa gramu 170 hadi 180, tena ni wa kusukwa, wenye matundu 12. Ukiupiga kwa mgongo wa mguu unagusa sehemu ndogo mno, na ukikosea kidogo tu unakwenda pembeni. Ubapa wa ndani ni mpana zaidi, na kifundo kikikazwa hauyumbi.

Pakcik mmoja, mzee anayetufundisha sote, alinionyesha namna ya kulisoma pigo kwa kuutazama mpira wenyewe ukipanda. Pigo safi linaupandisha bila kuzunguka, na matundu yake unayaona wazi. Yakigeuka ukungu, mguu ulikuwa umeinama. Mpira ukikurudia kifuani, ujue ukingo wa nje wa mguu uliinuka kuliko wa ndani. Ukikimbia mbele yako, mara nyingi umeufuata ukiwa bado mbali na mwili badala ya kusogea na kukaa chini yake. Dawa ya hilo la mwisho iko kwenye mguu uliosimama: unakunja goti, unasogea hatua fupi fupi, halafu unainua mguu wima bila kuuzungusha kutoka pembeni.

Mwenzangu ananirushia kwa mkono, mimi naurudisha juu zaidi ya kichwa changu. Nataka uanguke nilipo, nisilazimike kuufuata.

Juni

Sasa tumeingia kwenye kupokea servisi, na hapa ndipo mchezo unapofunua hesabu zake. Kila upande una miguso mitatu. Tofauti kubwa na voliboli ni kwamba mtu mmoja anaweza kugusa mfululizo, hata mara zote tatu. Basi kila mguso una gharama, na swali la mpokeaji ni kiungo gani kitagharimu kidogo.

Tekong wa upande wa pili anaweka mguu mmoja ndani ya duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 30, lililo mita 4.25 kutoka kwenye wavu. Mwenzake aliye kwenye kona ya mbele anamrushia mpira kwa mkono, naye anauchapa kwa mguu wa pili, mara nyingi juu ya usawa wa bega. Unapita wavu ukiwa unashuka, na unakuja kasi.

Ukifika kifuani, kifua kinaweza kuuzima: unatoa pumzi, unaleta mabega mbele na kukirudisha kifua nyuma kidogo wakati wa mguso, na mpira unadondoka karibu na miguu yako. Ni salama, lakini umetumia mguso mmoja na mpira bado haujakwenda kokote. Unabaki na sila ya kulisha na pigo la mwisho, basi. Kichwa kina faida zaidi. Ukiukuta kwa paji la uso, chini kidogo ya nywele, unaweza kuutuma moja kwa moja kwa mlishaji, na yeye bado ana nafasi ya kurekebisha. Mpira ni mgumu, ndiyo maana wengi hufunga kitambaa kwenye paji.

Nieleze pointi moja ya wiki hii, kwa kuwa ndani yake kuna yote mawili. Servisi ilimjia tekong wetu usawa wa kifua. Angeweza kuituliza. Badala yake alikunja magoti, akashusha mwili mpaka mpira ukakutana na paji lake, akaupeleka mbele kulia, juu. Mimi nilikuwa kushoto. Nilivuka hatua chache, nikaupokea kwa sila na kuupandisha karibu mita tatu, ukaanza kushuka umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye wavu, upande wetu. Mpigaji alikuwa ameshaupa wavu mgongo. Aliruka, akauchapa kupita juu ya bega lake, nao ukaangukia nyuma ya mzuiaji aliyekuwa ameinua mguu na mgongo kumkinga. Miguso mitatu, watu watatu, kila mmoja mguso wake.

Umbali ule wa mkono mmoja ndio ninaoufanyia kazi zaidi. Ukilisha karibu mno, mpira unavuka wavu na mzuiaji wa upande wa pili anaushindilia kwetu, au mpigaji wetu anagusa wavu na pointi inapotea. Ukilisha mbali, anapiga kwa pembe ya kulala na tekong wao anaupokea bila shida. Na urefu una sababu yake: mpigaji anahitaji muda wa kugeuka, kupiga hatua na kuruka. Mpira wa chini unamnyima muda huo.

Agosti

Pakcik amenipa mpira wa zamani wa henzerani, aliousuka mwenyewe. Mipira ya plastiki ilianza kushika nafasi miaka ya 1980, na baada ya kuipiga yote miwili naelewa kwa nini. Henzerani inatoa sauti kavu nzuri sana na mguso laini kwenye paji, lakini ikikauka nyuzi zinavunjika, mpira unapoteza uviringo, na hapo hata sila safi inakwenda upande. Nautumia kwa mazoezi ya kichwa tu, nisiumalize.

Kazi iliyobaki ni mguu wa kushoto. Upande wa kulia sila yangu sasa inapanda wima, matundu yakionekana. Kushoto bado goti halifunguki vya kutosha, nyonga imebana, kwa hiyo ukingo wa ndani unaelekea chini na mpira unaniponyoka kuelekea mstari wa pembeni. Kila jioni kabla ya mchezo nakaa chini nyayo zikigusana, nasukuma magoti taratibu kuelekea sakafuni, kisha mwenzangu ananirushia kushoto tu. Servisi nyingi za wapinzani zinalengwa huko, kwa kuwa wameshaona.