Dagaa wa watu, mvua na ile imeili ya kuomba radhi

Mimi nafanya kazi ya ofisi kwa mama mmoja ananunua dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza, na kuwauza mikoani. Ofisi yenyewe ni meza, mzani na laptopu moja ambayo betri imekufa. Mwaka jana tulipata oda ya kilo 1,500 kutoka kwa kiwanda kidogo cha unga wa lishe Dodoma, mzigo ufike Ijumaa tarehe 14. Jumatatu na Jumanne ya wiki hiyo ikanyesha mvua ya kutwa, dagaa wakiwa juu ya chanja, maturubai yenyewe hayakutosha, na dagaa akishalowa nusu kakauka nusu bado basi huyo anabadilika rangi anaanza kunuka, unamuuza chakula cha kuku tu. Tukabaki na kilo 600 safi stoo.

Jumatano tarehe 12 mama akaniambia tusimwambie mteja kwanza, labda jua litatoka. Nikamwambia mama, hata likitoka, tunaanika nini? Mbalamwezi ndo inaingia. Kwa wasiojua, dagaa wa Ziwa Victoria hapa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa taa haiwavuti vizuri, wavuvi wanapaki mitumbwi wanasubiri. Kwa hiyo tatizo letu halikuwa mvua ya siku mbili, lilikuwa mvua imetukamata mwisho wa giza. Hapo ndo nikajua lazima niandike siku hiyo hiyo, maana kama dada wa manunuzi wa kile kiwanda angetupigia mwenyewe tarehe 14 kuuliza gari liko wapi, radhi yoyote ingekuwa ya mtu aliyefumaniwa.

Rasimu yangu ya kwanza naona aibu hata kuisimulia. Nilianza na "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wetu", nikaeleza mvua aya nzima, nikamalizia "tutaleta mzigo haraka iwezekanavyo". Nikaisoma kama ningekuwa mimi ndo niko Dodoma na mashine zinasubiri, nikaona sijaambiwa kitu. Nitapata kilo ngapi, lini, na katikati hapo nisage nini? Nikafuta yote.

Nikaamua nimpigie kwanza. Simu ya dakika tatu tu, nikamwambia dada yangu mzigo hautatimia Ijumaa, nakuandikia leo jioni mpango kamili, ila naomba nijue kwa siku mnatumia kilo ngapi. Akanyamaza kidogo (ile kimya unaisikia hadi tumboni) akasema kama 60, Jumapili hawafanyi kazi. Hiyo namba ndo iliandika barua, sio mimi.

Maana kilo 600 gawa kwa 60 ni siku 10 za kazi. Wakianza Jumamosi tarehe 15, wanamaliza Jumatano tarehe 26 jioni. Sasa upande wetu nikahesabu kutoka ziwani: wavuvi niliowauliza walisema wataanza kurudi usiku wa tarehe 20, dagaa wanashuka mwaloni asubuhi ya 21, kuanika nikaweka siku tatu japo jua zuri linamaliza kwa moja au mbili, tarehe 24 kuchambua na kufunga, usiku gari linaondoka, Dodoma tarehe 25. Mama alitaka tuandike Jumatatu tarehe 17 kwa sababu inapendeza kusikia. Nikakataa kabisa, kuchelewa mara ya pili ndani ya barua ya kuomba radhi hakuna anayekusamehe. Nikaongeza siku mbili za mvua nyingine, ikawa Alhamisi tarehe 27. Lakini angalia, wao wanaishiwa tarehe 26! Gari likifika saa kumi jioni ya 27 mashine zimelala siku nzima. Kwa hiyo tukanunua kilo 120 zilizokauka kwa mfanyabiashara jirani, kwa bei ya mbalamwezi ambayo ni ya kuumia, mama akaguna sana, ila kilo 720 zinawapeleka mpaka tarehe 28.

Kabla sijatuma nikafungua pia LPO yao, ile hati ya oda waliyotutumia, kuona imesemaje kuhusu kuchelewa. Kulikuwa na kipengele cha kukatwa kidogo kwa kila wiki kwa mzigo uliochelewa, kwa hiyo nikakitaja mwenyewe badala ya kukaa kimya nikiomba Mungu wasikumbuke. Punguzo la juu ya hapo sikuahidi, hilo ni la mama sio langu.

Kichwa cha barua nikaweka "Oda ya dagaa kilo 1,500: kilo 720 zinafika tarehe 14, kilo 780 tarehe 27", ili hata asipofungua ajue. Ndani ikawa hivi:

"Habari za kazi dada,

Kama nilivyokueleza kwa simu, hatutaweza kufikisha kilo zote 1,500 Ijumaa tarehe 14. Tunaomba radhi. Tulianika mzigo wenu siku za mwisho bila akiba stoo, mvua ikaharibu sehemu yake. Huo ni upangaji wetu mbaya.

Kilo 720 za daraja mlilokubali zinapakiwa kesho na zitafika Ijumaa. Kwa matumizi ya kilo 60 kwa siku zitawatosha hadi tarehe 28. Kilo 780 zilizobaki zitafika si zaidi ya Alhamisi tarehe 27. Hatuwezi kuahidi mapema zaidi kwa sababu ya mbalamwezi, wavuvi wanarudi ziwani tarehe 20.

Ijumaa tarehe 21 nitakuandikia kilo ngapi zimepatikana. Kama hazitoshi utajua siku hiyo. Mkiona ni bora kununua sehemu iliyobaki kwingine, tuambie kabla ya tarehe 20, hatutadai chochote. Makato ya kuchelewa yaliyo kwenye LPO tunayakubali kwa kilo 780.

Kuanzia oda ijayo tutakusanya mzigo wenu ndani ya giza linalotangulia tarehe ya kufikisha, na hatutaanika wiki ya mwisho."

Mama alitaka niongeze kwamba tunajenga kikaushio cha jua. Nikamuuliza hela iko wapi, akacheka, tukaiacha. Ukiandika kitu cha hivyo mteja anakuja kukiulizia siku moja na huna.

Jibu lilikuja kesho yake mistari miwili: wamepokea, wanasubiri ya tarehe 21, na makato watayakata kweli. Wakayakata.

Tarehe 21 nikaandika kama nilivyosema, ingawa habari haikuwa nzuri sana, usiku wa kwanza ulileta kama nusu tu ya tunachohitaji. Nilitamani kusubiri ya usiku wa pili ndo niandike vizuri, ila siku niliyoitaja ni siku niliyoitaja, nikamwambia nusu iko kwenye chanja na nusu naitegemea kesho. Ikapatikana. Gari lilishusha Dodoma tarehe 26 jioni.

Miezi miwili baadaye yule dada akapiga simu, hata salamu hajamaliza akaniuliza, "Kaka, mwezi ujao giza linaanza lini? Nataka nijue niweke tarehe gani kwenye LPO."