Faili la Julai

Jumatatu ya tarehe 26 Oktoba 2015, siku moja baada ya uchaguzi mkuu, soko la Mashine Tatu hapa Iringa lilikuwa limejaa watu wenye redio masikioni. Simu yangu ikaita. Alikuwa mama wa stoo wa shule ya sekondari ya bweni niliyokuwa nailisha maharage.

"Kamwene, mama. Nimebakiwa na maharage ya siku nne. Na watoto wa kidato cha nne wanaingia kwenye mtihani Novemba."

Nilimjibu kwamba nitafika mchana. Sikumwambia kuwa gunia sina, na hela ya kununulia mzigo mzima nayo sina.

Ule ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kuwa mzabuni. Nilikuwa na mtaji wa Sh milioni 8, uliotokana na miaka sita ya kuuza nafaka mezani. Zabuni ilisema gunia 20 za kilo 100 kila mwezi, bei Sh 1,750 kwa kilo, na malipo ndani ya siku 30 baada ya mali kupokelewa. Maharage nilikuwa nayafuata Makambako kwa Sh 1,400 kwa kilo, usafiri na wapakiaji vikinigharimu Sh 60. Kila safari ilinila Sh 2,920,000 na ankara yake ilikuwa Sh 3,500,000. Faida ya Sh 580,000 kwa mwezi, mimi niliyezoea kuhesabu faida ya debe moja moja, niliiona kubwa sana.

Nilichokosea kilikuwa kuisoma ile "siku 30" kama ahadi ya tarehe. Fedha za chakula zilitoka Hazina kwa mafungu, na fungu likichelewa, mkuu wa shule hana cha kufanya hata awe mwema kiasi gani. Nilipeleka mzigo wa Julai, nikapeleka wa Agosti. Hapo Sh 5,840,000 zangu zilikuwa zimelala shuleni, na mezani kwangu zimebaki Sh 2,160,000. Mzigo wa Septemba niliupata kwa mali kauli kutoka kwa mzee mmoja wa Makambako ambaye tulikuwa tumefanya biashara naye miaka mitatu. Alinipa gunia 20 bila shilingi, nimlipe Sh 2,800,000 ifikapo mwisho wa Novemba. Shule ikawa inadaiwa Sh 10,500,000, na mimi nadaiwa.

Usiku wa kuamkia siku ile wifi yangu alikuwa ameniletea habari za mtu anayekopesha wafanyabiashara kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, bila dhamana kubwa, hela unachukua asubuhi. Nilikubali moyoni. Asubuhi, kabla sijamtafuta, nikachukua daftari nikaandika hesabu ya mzigo mmoja tu. Ningekopa Sh 2,920,000, kila mwezi ningetoa Sh 292,000 za riba. Miezi miwili ni Sh 584,000. Faida yote ya mzigo ule ilikuwa Sh 580,000. Na mzigo wa Julai ulikuwa umeshapita miezi mitatu bila kulipwa! Niliirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Kuanzia mwezi wa pili ningekuwa nalisha shule kwa hasara na kumlisha mkopeshaji kwa faida, huku meza yangu ya sokoni ikiwa ndiyo inayolipa. Nililifunga lile daftari, na yule mkopeshaji sijawahi kumwona hadi leo.

Nikapanda daladala kwenda shuleni.

Miezi yote ile nilikuwa na swali moja kwa mhasibu: "Hela imetoka?" Naye jibu lake lilikuwa moja: "Bado, mama." Siku ile, kwa sababu nilikuwa na wasiwasi wa kweli, nikauliza kingine. Nikamwambia, "Kaka yangu, naomba unioneshe faili langu la Julai liko meza ya nani." Akanyamaza kidogo, akafungua droo, akalitoa. Halikuwa limetoka mle tangu Agosti.

Ankara yangu ilisema kilo 2,000. Hati ya mapokezi, iliyosainiwa na kamati ya ukaguzi na mapokezi, ilisema kilo 1,960. Mhasibu hawezi kuandaa hati ya malipo kwa karatasi mbili zisizokubaliana, kwa hiyo aliiweka pembeni akisubiri nirekebishe, na hakuna aliyeniambia. Hata kama Hazina ingemwaga fedha Septemba, mimi wa Julai nisingelipwa. Nilikuwa nailaumu serikali kwa mzigo ambao ulikuwa umekwama kwa karatasi yangu mwenyewe.

Zile kilo 40 zilikwenda wapi? Hakuna aliyeiba. Maharage ya Juni yanatoka shambani yakiwa bado na unyevu. Yakipimwa Makambako kilo 100, yakikaa wiki tatu kwenye stoo yangu kavu na upepo wa Iringa wa miezi ile, kama yalivyokaa yale ya Julai, gunia linapungua kilo 2 hivi. Mama wa stoo alipima akaandika alichokiona, kama inavyotakiwa. Mimi niliandika ankara kwa kukumbuka mzani wa Makambako. Agosti na Septemba mzigo ulikwenda moja kwa moja kutoka kwenye gari, ukiwa umeshakauka kwa wakulima, ndiyo maana karatasi zake zilikubaliana.

Nikaandika ankara mpya palepale, kilo 1,960, Sh 3,430,000. Iliniuma kuzikata zile Sh 70,000, lakini nilijua sasa ni kitu gani kinachosubiriwa. Kwa Julai lilikuwa kosa la karatasi, na limekwisha. Kwa Agosti na Septemba hati za malipo zilikuwa tayari, zinasubiri fungu. Ni ucheleweshaji wa aina mbili tofauti, na kwa miezi mitatu nilikuwa nauona kama mmoja.

Ndipo nikaingia kwa mkuu wa shule. Alinipokea kwa heshima, akaniagizia chai, na kabla hajasema neno nikamwambia, "Mheshimiwa mwalimu, gunia 20 sitaweza kuleta." Nilisema huku macho yameelekea dirishani, maana nje wanafunzi walikuwa wanapita na sahani zao kwenda bwaloni. Nina mtoto wa umri ule. Kama angeniambia neno moja la kunilaumu ningelia.

Hakunilaumu. Aliuliza ninachoweza. Nilikuwa nimeshapiga hesabu njiani: watoto 540 walikuwa wanakula kama kilo 65 kwa siku, kwa hiyo gunia 5 zinawatosha wiki nzima. Gunia 5 zingenigharimu Sh 730,000. Nikamwomba mambo mawili. La kwanza, nilete gunia 5 kila wiki kwa wiki tatu, hadi mtihani uishe, na shule ijitahidi kulipa kila safari papo hapo kutoka kwenye mapato yake ya shamba na nguruwe. La pili, aniandikie barua ya kukiri deni, yenye namba ya kila hati ya oda, namba ya kila ankara, kiasi na tarehe ya mapokezi, sahihi yake na muhuri.

Barua niliipata saa kumi jioni. Safari mbili za kwanza shule ililipa taslimu. Ya tatu haikuweza, nikaiacha kama deni, Sh 875,000. Hilo nililipima kabla: ikipotea kabisa, meza yangu inabaki imesimama. Na kwa wiki hizo tatu nilikataa kugusa hela ya mezani zaidi ya hapo, kwa sababu ile ndiyo ilikuwa inazunguka kila wiki na kutulisha nyumbani. Nilikuwa nimeanza kuziweka kwenye vikopo viwili, cha shule na cha soko, kila kimoja na daftari lake. Kabla ya hapo zilikuwa pochi moja, na pochi moja haikuambii ni biashara ipi inayokumaliza.

Jumamosi ile nikaenda Makambako. Deni la mzee lilikuwa halijafika siku yake, lilibaki na wiki nne. Nilitaka anione kabla, si baada. Tulisalimiana kirefu, tukazungumza mvua, kisha nikamwekea mbele nakala ya barua pamoja na Sh 600,000 taslimu, zilizotokana na safari ya kwanza.

Aliisoma taratibu, kidole kikipita chini ya kila mstari. "Karatasi hailiwi, binti yangu," akasema.

"Najua, baba. Ila inaonesha hela yako imekaa wapi."

Akahesabu zile noti, akaandika kwenye daftari lake, akasema zilizobaki Sh 2,200,000 nimletee siku shule itakapolipa, ila nisimfiche chochote. Kila mwisho wa mwezi nilimpigia simu, hata kama sina jipya. Nadhani simu zile zilimtuliza kuliko barua.

Fungu lilikuja Februari 2016. Agosti na Septemba zikalipwa pamoja, Sh 7,000,000, zikakatwa asilimia 2 ya kodi ya zuio, zikaingia Sh 6,860,000. Cheti cha ile kodi nilikidai siku hiyohiyo, maana bila cheti Sh 140,000 zile zisingehesabiwa kwenye kodi yangu ya mwaka. Kesho yake nilikuwa Makambako. Deni dogo la Novemba lililipwa Machi.

Julai ikabaki. Iliyotangulia kuletwa ikawa ya mwisho kulipwa, kwa sababu iliingia kwenye foleni Oktoba. Mei nilianza kwenda kila Jumatatu, kwa sababu tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa, na ankara isiyolipwa hadi hapo inageuka deni la mwaka uliopita, inayosubiri uhakiki na bajeti nyingine. Niliwajua wenzangu wenye faili za namna hiyo za miaka miwili. Sikwenda kuomba wala kugomba, nilikwenda kuuliza faili liko meza gani, na kama lina upungufu nirekebishe nikiwa palepale. Wiki ya mwisho ya Juni ujumbe wa benki ukaingia nikiwa napepeta mchele: Sh 3,361,400. Nilikaa chini juu ya gunia.

Mwaka uliofuata niliomba zabuni tena, lakini kwa gunia 10 kwa mwezi, kiasi ambacho ningeweza kukibeba miezi mitano bila kulipwa na bila kuigusa meza. Bei niliipandisha kidogo, kufidia kusubiri. Gunia 10 nyingine alipewa mwenzangu wa sokoni.

Mzigo wa kwanza wa Julai 2016 nilishuka nao mwenyewe. Kabla mtu hajashika kalamu nikamwomba mama wa stoo tupime gunia moja moja, sote wawili macho kwenye mzani. La kwanza likasoma 98. Akaniangalia.

"Andika 98, mama," nikamwambia, nami nikaandika 98 kwenye daftari langu.